Mtaro usio na mbao: namna ya kukataa kushuka bila kupoteza haki yako

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama na wageni wafadhili)

Bwana mwenyekiti aliniomba niseme juu ya sheria ya usalama kazini. Sheria hiyo ni ndefu, na nikiisoma yote mutalala. Kwa hiyo nitachukua kazi moja tu, ile ambayo wengi wenu munaifanya tangu tuliporudi: kuchimba mitaro ya mabomba ya maji. Nafuata miradi ya maji hapa katika Kivu ya Kusini, na kila mradi ninaoufikia ninakuta watu wetu ndani ya mashimo, wale waliotoka Nyarugusu na wale waliotoka Burundi. Sababu inajulikana. Unaporudi, shamba lina mtu mwingine, ndugu wa kukutafutia kazi nzuri hayupo, na kazi ya kwanza inayopatikana ni ya jembe na sepeteo, ya siku kwa siku.

Tuanze na udongo wenyewe, kwa sababu bila kuuelewa hautajua ni wakati gani una haki ya kukataa.

Kipande cha udongo cha mita moja kila upande kina uzito wa tani moja na nusu hivi, na kikiwa na maji kinazidi hapo. Ni kama mifuko 30 ya simenti. Mbele ya kuchimba, udongo huo ulisimama kwa sababu udongo wa pembeni uliusukuma na kuushika. Ukichimba mtaro, umeondoa ile iliyokuwa inaushika. Ukuta unabaki umesimama kwa nguvu zake peke yake, na nguvu hizo zinapungua kila saa. Jua linaukausha na kuupasua, mvua inaingia katika nyufa na kuufanya uwe mzito, magari yanayopita barabarani yanautikisa. Ndiyo maana mtu anayesema "ukuta huu umesimama tangu juzi, hauna shida" anasema kinyume. Ukuta uliosimama siku tatu ni wa kuogopwa kuliko ule uliochimbwa asubuhi ya leo.

Ukitaka kuanguka, udongo unatoa alama, lakini inabidi mtu awe juu kuziangalia. Alama ya kwanza ni ufa unaofuata urefu wa mtaro, mbali kidogo na ukingo, nusu mita ao mita moja. Ufa huo unakuonyesha pale kipande kitakapokatikia. Alama ya pili iko chini: ukuta unavimba ao maji yanaanza kutoka kwenye miguu yake. Ya tatu ni vidonge vidogo vya udongo vinavyodondoka wakati hakuna mtu anayevigusa. Ukiona moja kati ya hizo, toka. Hautapata nafasi ya kukimbia baadaye, maana ukuta unaanguka kwa muda wa kupumua mara moja.

Na msidhani anayekufa ni yule tu aliyefunikwa kichwa. Mtu aliyezikwa mpaka kifuani, kichwa kiko nje, anaweza kufa mbele ya macho yenu. Kila anapotoa pumzi, udongo unashuka na kukaza, na kifua hakipati tena nafasi ya kufunguka. Wenzake wanaruka ndani kumuokoa, na mara nyingi upande wa pili unaanguka juu yao. Msimvute kwa kamba, mutamvunja. Toeni watu wengine kwanza, shikilieni kuta kwa mbao ama milango kama ipo, halafu mchimbe kwa mikono karibu na mwili wake, mkianza na kifua.

Sasa mwajiri anapaswa kufanya nini? Sheria ya Kazi ya nchi yetu, Sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwezi wa saba 2016, inasema katika kifungu cha 55 kwamba mwajiri ndiye anayeongoza kazi, na ni yeye anayepaswa kuangalia kazi ifanyike katika hali nzuri kwa usalama, kwa afya na kwa heshima ya mfanyakazi. Angalieni maneno hayo mawili yalivyokaa pamoja. Kwa sababu ni yeye anayetoa amri, ni yeye anayebeba mzigo wa usalama. Hawezi kukupa amri ya kushuka halafu aseme usalama ni shauri lako.

Katika mtaro, mzigo huo una sura ya kuonekana. Mainjinia wengi wanashika kipimo cha mita moja na nusu: mtaro ukizidi hapo, kuta lazima zishikiliwe ao zilazwe. Mimi naongeza jambo moja ambalo vitabu vinalipita haraka. Mtu wa mabomba hafanyi kazi akiwa amesimama. Anapiga magoti ili kuunganisha bomba. Kwa mtu aliyepiga magoti, ukuta wa mita moja na robo uko juu ya kichwa chake. Kwa hiyo katika udongo laini, ao udongo uliowahi kuchimbwa na kujazwa, usingojee mita moja na nusu ndipo uulize mbao ziko wapi.

Udongo uliotolewa uwekwe mbali na ukingo, nusu mita na kitu kwa uchache, mimi nasema mita moja. Mara nyingi wachimbaji wanautupa palepale ukingoni kwa sababu ya uchovu, na kapita anaacha, na ile tani ya udongo inasukuma ukuta ndani. Ngazi iwe karibu na pale watu walipo. Mtu asiachwe peke yake ndani. Na kila asubuhi, na kila baada ya mvua, mtu anayejua atembee juu kutafuta zile alama mbele ya mtu yeyote kushuka.

Mutaniuliza kwa nini waajiri hawafanyi hivyo, kama ni rahisi. Tupige hesabu pamoja. Mtaro wa mita mbili kwenda chini na sentimita 60 upana unatoa udongo wa mita za ujazo 1.2 kwa kila mita ya urefu. Ukitaka kulaza kuta katika udongo laini, unarudi nyuma mita tatu kila upande juu, na sasa unatoa mita za ujazo 7.2. Kazi imekuwa mara sita. Hakuna mjenzi aliyeshinda soko kwa bei ndogo atakayekubali. Lakini mbao hazifanyi kazi kuwa mara sita. Unasimamisha mbao pande zote mbili, unazifunga kwa miti ya kulala, unakaza katikati kwa vipande vya miti, na mbao hizo zinasogea mbele pamoja na watu. Kwa mtaro wa mita 40 hauhitaji mbao za mita 40, unahitaji zile za pale watu wanapofanya kazi leo. Na wakati mwingine dawa ni kuuliza swali ambalo hakuna aliyeuliza: kwa nini bomba lipite hapa kwenye kilima? Likizunguka kidogo, kina kinaweza kurudi sentimita 80.

Hapo nitawaeleza jambo lililotokea kwenye shantie moja, bila kutaja mahali wala mjenzi.

Mtaro ulipangwa uwe wa sentimita 80. Ulipofika kwenye kilima kidogo, ili maji yaendelee kuteremka, ikabidi ushuke mpaka mita mbili kwa urefu wa mita 40 hivi. Mbao hazikuwepo. Asubuhi moja, baada ya mvua ya usiku, baba mmoja aliyerudi mwaka uliotangulia alitembea juu mbele ya kushuka. Akaona ufa, nusu mita kutoka ukingoni, wenye urefu wa hatua sita. Akaita mwenzake. Mwenzake akalaza sepeteo juu ya ufa ili ukubwa wake uonekane, akapiga picha kwa simu.

Halafu yule baba akaenda kwa kapita na kusema: "Kapita, udongo umepasuka pale juu. Sitashuka sehemu ile mpaka muweke mbao. Nipe kazi ingine, nitabeba mabomba ao nitajaza kule nyuma."

Kapita akajibu: "Kama unaogopa, toka. Kuko wengine wanaotafuta kazi."

Hakutoka. Alikaa juu ya shantie mpaka saa za kazi zilipoisha, mbele ya watu. Kesho yake jina lake halikusomwa asubuhi. Siku ya tatu alipanda gari kwenda kwa Inspekta wa Kazi, akapeleka malalamiko ya maandishi, ukurasa mmoja: siku, mahali, kina cha mtaro, ufa, alichosema, alichojibiwa, majina ya watu wawili waliosikia.

Na ukuta ule haukuanguka. Watu wengine walishuka, wakaweka mabomba, wakafukia. Hilo ndilo neno la kwanza alilosema mjenzi mbele ya inspekta: "Unaona, hakuna kitu kilichotokea. Huyu aliacha kazi tu."

Nimechagua habari hii kwa sababu hiyo hasa. Wengi wetu tunadhani kwamba haki ya kukataa inathibitishwa na maiti. Sivyo. Kinachoangaliwa ni kama wakati ule ulikuwa na sababu ya maana kuamini kwamba hatari ni kubwa na iko karibu. Maneno hayo yamo katika Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi la Dunia wa mwaka 1981. Unasema mfanyakazi aliyejiondoa mahali pa hatari ya namna hiyo alindwe asipatwe na mabaya kwa sababu ya kujiondoa. Unasema pia kwamba amjulishe mkubwa wake mara moja, na kwamba mwajiri hawezi kumlazimisha arudi mpaka arekebishe, kama hatari bado ipo. Mwezi wa sita 2022 shirika hilo liliweka usalama kazini kati ya haki za msingi ambazo kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu, na Kongo ni mwanachama.

Lakini mbele ya inspekta wetu ni vizuri kusimama kwanza juu ya sheria yetu wenyewe. Kifungu cha 73 kinahesabu kuwa kosa kubwa la mwajiri pale ambapo usalama ao afya ya mfanyakazi inawekwa katika hatari kubwa ambazo hakuweza kuziona wakati wa kufanya mkataba. Mjenzi akasema: "Alijua kuwa ni kazi ya kuchimba." Ndiyo, alijua. Alikubali mtaro wa sentimita 80. Hakukubali ukuta wa mita mbili wenye ufa, bila mbao, baada ya mvua. Jibu hilo lilikuwa na nguvu kwa sababu karatasi ya mradi yenyewe iliandika 80.

Kifungu hicho cha 73 kina mtego. Kinakupa njia ya kuvunja mkataba mwenyewe kwa kosa la mwajiri. Anayetaka kubaki na kazi yake asiseme "naacha". Aseme "sishuki pale, nipe ingine". Neno moja linaweza kugeuza mambo yote, kwa sababu ukisema umeacha, ao ukienda nyumbani kimya, kapita anaandika "hakuja kazini", na baada ya juma moja hiyo ndiyo habari pekee iliyo kwenye karatasi.

Kinga ya kweli kwa mtu anayetaka kubaki iko katika kifungu cha 62. Hapo sheria inataja sababu ambazo haziwezi kuwa sababu halali ya kumfukuza mtu, na mojawapo ni kwamba alipeleka malalamiko juu ya mwajiri aliyevunja sheria, ao alienda kwa wakubwa wa serikali wanaohusika. Munaelewa sasa kwa nini yule baba alifanya vizuri kupanda gari? Kukataa kwake kuliishia kinywani. Malalamiko yake yalikuwa na tarehe na muhuri wa kupokelewa. Ningependa angeyapeleka siku ileile, mbele jina lake halijaondolewa, kwa sababu hapo mwajiri anapata taabu zaidi kusema kwamba kufukuza hakuhusiani na malalamiko. Lakini gari ni pesa, na pesa hakuwa nayo.

Mjenzi alikuwa na neno la tatu: "Huyu hana mkataba. Ni wa siku kwa siku." Hili ndilo linalowanyamazisha watu wetu wengi. Sikilizeni kifungu cha 40. Mtu anayechukuliwa siku kwa siku, akiisha kufanya siku 22 katika muda wa miezi miwili, akichukuliwa tena mbele ya miezi hiyo miwili kuisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na mwisho, hata kama hakuna karatasi iliyosainiwa. Inspekta aliomba orodha za malipo. Wakahesabu alama: siku 26. Mjadala wa mkataba ukaishia hapo.

Kwa mtu mwenye mkataba kama huo, kumuondoa kunahitaji sababu halali na taarifa ya siku zisizopungua 14 za kazi. Kama sababu si halali na hakurudishwa kazini, mahakama inaweza kuamuru alipwe fidia, ambayo kifungu cha 63 kinaiwekea mpaka wa mishahara ya miezi 36. Msichukue hiyo 36 kama ahadi. Ni dari, na mtu wa miezi miwili ya kazi hataifikia dari.

Yule baba alipata nini? Alilipwa siku nne zilizokuwa zimebaki, na zile siku 14 za taarifa. Kazi hakurudishiwa. Angeweza kukataa maelewano, inspekta angeandika hati ya kutoelewana, na kwa hati hiyo angeenda mahakamani. Bila kupita kwanza kwa inspekta, mahakama ya kazi haipokei madai ya mtu mmoja. Hiyo iko katika kifungu cha 298. Yeye alichagua kupokea, na mimi simlaumu. Mtu mwenye watoto watano hangojei miaka. Nawaambia hivi ili msitoke hapa mukidhani sheria itakurudishia sepeteo kesho asubuhi. Mara nyingi inarudisha pesa, na si nyingi. Lakini baada ya kikao kile, mbao zilionekana kwenye shantie. Zilikuwa chache na mbaya, lakini zilikuwepo.

Mama mmoja aliniuliza hapo mlangoni: na kama wote wanne wanashuka isipokuwa mimi, si nitaonekana mvivu? Ndiyo, utaonekana. Kwa hiyo ongeeni mbele ya kushuka, si baada ya mmoja kukataa. Wawili wakisema kitu kimoja kwa kapita, wameishakuwa mashahidi wa wenyewe kwa wenyewe. Kama shantie ina delege wa sendika, aitwe. Na msikatae kwa kila jambo. Ukikataa kwa sababu ya jua kali leo na kwa sababu ya njaa kesho, siku ya ufa hakuna atakayekusikiliza. Jua na njaa vina njia zao za kulalamikiwa. Kukataa kushuka kunahifadhiwa kwa kitu kinachoweza kukuua leo.

Kila mmoja awe na daftari lake. Kila jioni andika tarehe na kazi uliyofanya. Usitegemee orodha ya kapita peke yake, maana siyo kila inspekta ataiomba na siyo kila mjenzi ataitoa. Wasiojua kuandika, watoto wa shule wako nyumbani, wawasaidie. Ofisi yetu ya shirika inaweza kuandika malalamiko na kutunza nakala.

Kwenu wafadhili nina neno moja, na naomba lisiwachukize. Mtaro ule ulichimbwa kwa pesa ya msaada. Wajenzi wanne walitoa bei, akachukuliwa wa chini. Wa chini alikuwa wa chini kwa sababu, kati ya mambo mengine, hakuhesabu mbao. Yule aliyezihesabu alipoteza kazi. Mkiandika katika mkataba "mjenzi ataheshimu usalama", hamjanunua hata ubao mmoja. Naomba mbao, ngazi na mtu wa kukagua kila asubuhi viwekwe kwa kiasi mnachokipanga ninyi, kilekile kwa wajenzi wote, nje ya mashindano ya bei. Na kilipwe pale tu mbao zinapoonekana ndani ya mtaro. Hapo hakuna anayeshinda kwa kuzificha. Ombeni pia nakala ya orodha za siku, muziweke kwenu. Siku ile inspekta alipoomba orodha, mjenzi alisema kwanza kwamba zimelowa na mvua. Zilipatikana kwa sababu mwakilishi wa mradi alikuwa na nakala katika mfuko wake.

Kuhusu visima na mashimo ya choo, ambako hatari kubwa ni hewa zaidi ya ukuta, tutazungumza mkutano ujao, maana pale mtu anaweza kuanguka bila kuona alama yoyote. Mpaka wakati huo, asishuke mtu ndani ya shimo refu la zamani, hata kwa kuokota ndoo.